Andiko la filamu fupi ya kanda za harusi: nilivyoliandika kwa ajili ya tamasha dogo

«Nina kanda za VHS za sherehe za familia na za majirani, nyingi za miaka ya 1990. Nataka kutengeneza filamu fupi kutokana na kanda hizo tu, bila kurekodi picha mpya hata moja. Tamasha dogo la hapa Dar linataka andiko la kurasa mbili. Skripti sina, waigizaji sina. Sasa niandike nini?»

Ndugu mleta mada, nimewahi kupeleka andiko la namna hii kwa tamasha dogo la hapa mjini, likakubaliwa, na filamu ya dakika 9 ikaonyeshwa. Anayeandika filamu ya kuigiza anaahidi picha ambazo bado hazipo, na msomaji humpa nafasi ya kuota. Wewe picha zako zipo tayari, kwa hiyo kila sentensi unayoiandika inaweza kuulizwa iko kwenye kanda ipi na dakika ya ngapi. Andiko lililokwisha kujibu swali hilo ndilo linaloaminika, na ushauri wangu wote unatoka hapo.

Kwa sababu hiyo andiko huanzia kwenye daftari. Tazama kanda zote tangu mwanzo hadi mwisho, hata pale mpiga video alipoisahau kamera ikirekodi sakafu, na uandike namba ya kanda, muda, kinachoonekana na kinachosikika. Kabla ya kuingiza kanda kwenye deki, ichungulie kupitia kidirisha chake. Ukiona unga mweupe umetanda kwenye utepe, hilo ni kuvu, jambo la kawaida kwa kanda zilizokaa katika unyevu wa pwani, na ukiicheza hivyo utalichafua deki na kuziambukiza kanda nyingine. Itenge, mtafute fundi wa kuisafisha, na usiihesabu kwenye andiko mpaka uione picha yake.

Mimi nilikuwa na kanda 11 za harusi za Magomeni na Ilala, jumla kama saa 26. Katika daftari nililijua jambo ambalo sikulipanga: taa. Kamera za wakati ule zilihitaji mwanga mkali, na nyua na kumbi zilikuwa na mwanga hafifu, kwa hiyo mpiga video alifuatana na kijana wa kumshikia taa yenye waya mrefu. Maharusi walijua taa itawafikia, wakajiandaa. Lakini kila taa ilipohamishwa kutoka meza kuu kwenda mlangoni au uani, iliwapitia watu ambao hawakualikwa mbele ya kamera: wapishi kwenye masufuria ya pilau, watoto waliopanda ukuta, wapiga matarumbeta waliokuwa wakipumzika. Nilikusanya nyakati hizo peke yake, nikapata dakika 31.

Sentensi ya kwanza ya andiko langu ilikuwa hii: «Filamu ya dakika 9, iliyoundwa kwa kanda za harusi zilizorekodiwa Magomeni na Ilala kati ya 1991 na 1998, inayowatazama watu wasiokuwa wageni rasmi katika sekunde chache ambazo taa ya mpiga video iliwapitia.» Msomaji anapata chanzo cha picha, urefu, mahali, na zaidi ya yote anapata kanuni ya uchaguzi, yaani anajua kipi kitaingia na kipi kitabaki nje. Mteuzi wa filamu akisoma kwamba una kanda nyingi za harusi, anaogopa kwamba utamletea mkanda wa harusi uliofupishwa. Akiiona kanuni, anaweza kuanza kuiona filamu. Kama daftari lako halijakupa kanuni ya namna hiyo, endelea kutazama; usianze kuandika.

Baada ya hapo eleza kinachoonekana, kwa wakati uliopo, kana kwamba filamu inapita mbele ya macho. Rasimu nyingi nilizoombwa kuzisoma huharibikia hapa, kwa sababu mwandishi huandika kwamba filamu yake inachunguza kumbukumbu, utambulisho na mabadiliko ya jiji. Hakuna anayeweza kuona sentensi hiyo. Linganisha na hii kutoka katika andiko langu: «Taa inawaka uani. Mwanamke aliyeinamia sufuria anainuka, anajifuta mkono kwa kanga, anaitazama kamera bila kutabasamu, kisha anarudi kwenye mwiko wake kabla taa haijaondoka.» Pembeni niliandika: kanda ya 4, saa 1 na dakika 12. Eleza nyakati nne au tano tu kwa namna hiyo, ukizichagua kulingana na mpangilio wa filamu nzima. Wangu ulikuwa wa usiku mmoja: jioni uani, safari ya gari la matarumbeta, ukumbini, na mwisho taa kuzimwa. Kwa kuwa usiku huo ulishonwa kutokana na harusi 7, nililisema wazi ndani ya andiko, maana mtazamaji makini angegundua mwenyewe kwamba kanga na kuta zinabadilika, na kujua mapema kwamba umekusudia kunamfanya akufuate.

Sehemu inayofuata inaeleza wewe utazifanya nini picha za mtu mwingine, kwa sababu hapo ndipo kazi yako inapoonekana. Nilieleza mambo matatu. La kwanza ni mwendo: video ya PAL, mfumo wa picha uliotumika kwenye kanda za hapa kwetu, ina fremu 25 kwa sekunde, lakini kila fremu imebeba nusu mbili zilizorekodiwa kwa nyakati mbili tofauti, kwa hiyo mtambo unaweza kuzitenganisha ukapata picha 50 na kupunguza mwendo hadi nusu bila kubuni picha ambayo haikuwepo. Niliahidi kwamba sitapunguza zaidi ya hapo, kwa kuwa baada ya nusu kompyuta huanza kubuni nyuso, na katika filamu inayohusu nyuso za watu halisi jambo hilo halikubaliki kwangu.

La pili ni umbo la picha. VHS ina umbo la 4:3, na ukiikata ili ijaze kioo kipana cha leo unapoteza robo ya kimo chake, na kinachopotea mara nyingi ni utosi wa mtu au mikono yake. Niliandika kwamba picha itabaki na umbo lake, ikiwa na weusi pande mbili, na kwamba ule mstari wa mtikisiko chini ya picha hautafichwa.

La tatu, ambalo naamini ndilo lililowashawishi, ni sauti. Maikrofoni iko juu ya kamera, karibu na mdomo wa mpiga video, kwa hiyo kanda zimejaa sauti yake akimwelekeza kijana wake: lete taa huku, ishushe, muache huyo. Niliandika kwamba filamu haitakuwa na msimulizi, na kwamba maneno hayo ndiyo yatakayoiongoza. Uamuzi huo ulinisaidia pia upande wa haki, kwa sababu muziki uliokuwa ukipigwa ukumbini ni mali ya wanamuziki, na kuwa nao kwenye kanda yako hakukupi ruhusa ya kuutumia. Nyakati zenye muziki wa kutambulika nilizionyesha bila sauti, na andiko likasema hivyo. Ukitaka kuubakiza wimbo, anza mapema kuwatafuta wenye haki, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, ni mahali pa kuulizia.

Tukifika kwenye vibali, tafadhali vipe aya nzima. Kuwa na kanda mkononi hakukufanyi mwenye haki ya kilichomo. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 kazi ya video inalindwa, na kanda ya miaka ya 1990 bado imo ndani ya muda huo wa ulinzi, kwa hiyo nilitafuta saini ya pande mbili kwa kila kanda: familia iliyoagiza na mpiga video aliyerekodi. Lakini filamu yangu ilihusu watu ambao si wa familia, na kibali cha bwana harusi hakimsemei mpishi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 jambo hili lina uzito wa kisheria pia, ingawa ningelifanya hata bila sheria. Nilipita mitaani na picha zilizochapishwa. Binti wa yule mwanamke wa sufuria, ambaye sasa ni mama mtu mzima, alikubali mama yake aonekane akipika, akakataa sehemu ambayo mama ameketi chini amechoka, kanga ikiwa imemteremka. Sehemu hiyo ilikuwa nzuri sana na nilikuwa nimeipangia nafasi katikati ya filamu. Iliondoka. Kwenye andiko niliandika idadi ya watu waliotambuliwa, ambao hawajapatikana, kwamba watoto wasiotambuliwa hawatatazamwa kwa karibu, na kwamba yeyote atakayejiona na kukataa ataondolewa hata baada ya onyesho la kwanza.

Historia ya nchi itoshe sentensi moja au mbili, na iwe ile inayobadilisha namna ya kuzitazama picha. Mimi niliandika kwamba Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, kwa hiyo kanda zangu za mwanzo zimerekodiwa kabla ya hapo na za mwisho baada yake. Sikusema kwamba watu walibadilika mbele ya kamera kwa sababu hiyo, kwa kuwa kanda 11 haziwezi kuthibitisha dai kubwa kiasi hicho. Nilimwachia mteuzi aangalie tarehe.

Kuhusu viambatisho, weka picha tatu zilizotolewa kwenye kanda zenyewe, bila kuzisafisha rangi, na kiungo chenye nywila cha dakika mbili zilizohaririwa kwa kanuni ileile uliyoitaja. Usiweke mkusanyiko wa vipande vitamu, kwa sababu tamasha dogo lina watu wachache wanaosoma mengi, na wakikuta sampuli haifanani na andiko wataiamini sampuli. Bajeti yangu ilikuwa ya mistari minne: kuhamisha kanda kwenda dijitali, diski mbili za kuhifadhia, nauli za kuwatafuta watu, na malipo kwa wapiga video. Kwa diski, kadiria GB 13 kwa saa moja ukihamisha kwa mfumo wa DV, halafu uzidishe kwa mbili, maana nakala moja haitoshi kwa kanda ambazo deki linaweza kuzitafuna wakati wowote.

Waliponiita kujieleza, walifungua andiko wakachagua mstari mmoja, kanda ya 9, dakika ya 40, wakaomba kuuona hapohapo. Kwa hiyo siku hiyo nenda na faili zote, zikiwa zimepewa majina kwa namba zilezile za daftari.