Si kila chekundu ni damu

Mwalimu, shikamoo. Tulitazama filamu ya muongozaji Parajanov, The Color of Pomegranates ya 1969, kwa projekta uani kwetu Mkomani. Hakuna mazungumzo, ni picha tu: komamanga, mikate, samaki, sufu, vitabu. Mwenzangu ashikilia kuwa kila penye nyekundu ni damu. Nitajuaje lipi ni ishara na lipi ni kitu tu? Nauliza kwa sababu nataka kupiga filamu fupi hapa Lamu, yenye leso nyekundu itakayorudi mara kwa mara.

Marahaba. Mwenzako hakukosea alipoanzia. Kosa ni kwamba ameamua maana mapema, kisha akaibandika kila mahali. Filamu isiyo na mazungumzo hukufunza kuisoma kwa mpangilio wa picha zake, na hii hufanya hivyo tangu dakika za mwanzo. Kwanza makomamanga yako juu ya kitambaa cheupe, na maji mekundu yanatoka na kuenea polepole. Kisha kinakuja kisu juu ya kitambaa, nacho kina wekundu ule ule. Hapo ndipo rafiki yako alipoipata damu, kwa haki kabisa, kwa kuwa muongozaji ameweka tunda na silaha karibu makusudi. Lakini endelea kutazama: unakuja unyayo mtupu ukiponda zabibu juu ya jiwe lenye maandishi. Sasa uliza, shoti hizi zinashirikiana nini? Si rangi peke yake. Kila kimoja kimebanwa au kimekatwa, na kimetoa kilichokuwa ndani.

Shika uzi huo uende nao hadi utotoni mwa mshairi anayesimuliwa na filamu. Vitabu vimelowa, watawa wanavilundika chini ya mawe mazito, na maji yanachuruzika. Baadaye vinatandazwa juu ya paa, kijana amelala katikati yake, kurasa zinapepea kwa upepo. Hakuna wekundu hapo, na kwa kanuni ya mwenzako shoti hii haina maana yoyote. Kwa kanuni ya kukamua imo ndani ya nasaba ile ile: kitabu kimebanwa kama tunda. Kisha inakuja sufu inayotolewa kwenye masufuria ya rangi, ikidondosha matone, na sauti ya matone hayo ndiyo karibu yote unayosikia. Filamu inahusu maisha ya Sayat-Nova, mshairi na mwimbaji wa Kiarmenia wa karne ya 18, na ni maisha ya mtu ambaye shairi linamtoka kwa kubanwa. Mimi ndivyo ninavyoisoma, na naisoma hivyo kwa kuwa inabeba shoti nyingi zaidi kuliko damu inavyozibeba.

Kipimo kikali zaidi kiko kule kwenye monasteri, watawa wanapokula makomamanga. Unasikia meno yakiyavunja. Tunda lile lile, safari hii halimwagiki juu ya kitambaa, linaingia mwilini. Kama komamanga lingekuwa damu siku zote, shoti hii isingesomeka. Ndiyo maana huwaambia wanafunzi wangu: kitu kinaporudi, usiulize kinamaanisha nini, uliza kimebadilika nini. Nani amekishika sasa? Kimelazwa juu ya nini? Kina sauti gani? Shoti iliyotangulia ilikuwa ipi? Chukua daftari, andika majibu ya maswali hayo manne kila kinaporudi. Kitu kisichobadilika hata mara moja, mara nyingi ni pambo la mahali tu, na hakuna ubaya wowote pambo kuwa pambo.

Kuna jambo linalotuhusu sisi watu wa pwani hasa. Mtu wa Lamu akiona komamanga humjia Surat Ar-Rahman, ambamo matunda, mitende na makomamanga vimetajwa katika bustani za peponi. Muarmenia ana komamanga lake, la uzazi na wingi, alilolizoea kwenye nakshi na miswada ya kanisa. Mkate na samaki navyo kwake ni vya Kikristo. Usiitupe pepo yako, lakini ipime kama ulivyopima damu ya rafiki yako. Ukikuta inafungua shoti moja tu na nyingine zote zinabaki zimefungwa, basi umekuja nayo kutoka nyumbani, haimo kwenye filamu.

Kabla hamjabishana tena, angalieni nakala mliyotazama. Filamu hii ina matoleo mawili: lile la Armenia, na lile lililohaririwa upya na muongozaji Sergei Yutkevich ili lipite kwa wakubwa wa Kisovieti, ambalo limekatwa na kupangwa tofauti. Mkihesabu vitu kwa mfuatano huku mmoja ana hili na mwingine ana lile, mtagombana bure. Nakala iliyokarabatiwa mwaka 2014 inafuata toleo la Armenia, itafuteni hiyo. Nakala kuukuu za filamu za rangi hufifia na kugeuka za waridi, na hapo wekundu mnaoujadili huenda haukuwekwa na mtu. Jaribio ni rahisi: simamisheni picha kwenye kile kitambaa cha mwanzo. Kikionekana cheupe, mnaweza kuiamini rangi. Kikiwa cha waridi au cha njano, tatizo liko kwenye nakala, au kwenye projekta, au ni ukuta wenu wa chokaa uliozeeka. Ondoeni projekta kwenye hali ya rangi ya Vivid mkaiweke Cinema, mtandike shuka jeupe, kisha mtazame tena.

Sasa leso yako. Usiifanye irudi kwa kuwa ni nyekundu, ifanye irudi kwa kazi. Mara ya kwanza iwe na shughuli ya kawaida kabisa, kamera isiibembeleze, muziki usiwepo: mama anajifunga kiunoni anaingia jikoni, basi. Mara ya pili ibadilike hali, imelowa, imeanikwa darini, au imefungiwa kitu ndani. Mara ya tatu, hapa ndipo watengenezaji wengi huharibu kwa kuionyesha kubwa zaidi, jaribu kuiondoa. Tuonyeshe mama yule yule, mlango ule ule wa jikoni, kiuno hakina leso. Kama mbili za mwanzo umezipa muda wa kutosha, mtazamaji ataitafuta mwenyewe. Kama haitafuti, rudi kwenye shoti ya kwanza: ama ilikuwa fupi mno, ama umejaza vyekundu vingine ndani ya fremu. Pitia kila shoti, toa ndoo nyekundu, toa kofia nyekundu ya baharia anayepita nyuma. Rangi inayobeba maana haitaki washindani.

Na nyekundu ni rangi msumbufu kwa kamera za dijitali. Jua la mchana la Lamu likiipiga leso mpya, mfereji mmoja wa rangi, ule wa nyekundu, hujaa kabla ya mingine, mikunjo na maandishi yanapotea, kinabaki kibao cha rangi kisicho na uhai. Kwenye kamera usitazame histogramu, ule mchoro wa mwanga, peke yake, washa ya RGB inayotenga nyekundu, kijani na buluu, na ukiona mstari wa R, yaani wa nyekundu, umegonga ukuta wa kulia wa mchoro, punguza mwanga hata kama sehemu nyingine za picha zitakuwa na giza kidogo. Piga asubuhi au kwenye kivuli cha kichochoro. Nunua doti mbili za leso ile ile, kwa sababu ile ya kuanikwa itapauka kwa jua baada ya siku kadhaa za kupiga, na mtazamaji uliyemfunza kutazama mabadiliko ataona mpauko huo akadhani umekusudia kitu.