Moving Average au FIFO: faida ya mchele imepungua wapi?

*Asalaam aleikum mhasibu. Tunauza mchele wa mapembe kwa jumla hapa Darajani, mahesabu tunafanyia ERPNext. Bidhaa ziko Moving Average. Mwenzetu mwenye FIFO amenunua na kuuza kwa bei zilezile, lakini faida yake ya mwezi imetoka kubwa kuliko yetu. Nani kakosea?*

Waaleikum salaam. Kama mizigo yenu inafanana kweli, hakuna aliyekosea. Tufanye hesabu.

Mlianza mwezi na polo 100 za shilingi 90,000 kila moja. Kabla hamjauza kitu zikaingia 100 nyengine kwa 102,000. Mkauza 120 kwa 110,000, yaani mauzo ya 13,200,000.

FIFO inamaliza kwanza polo 100 za bei ya zamani, kisha inachukua 20 za bei mpya. Gharama ni 11,040,000 na faida ghafi 2,160,000. Moving Average inachanganya mizigo yote miwili: kila polo inakuwa 96,000, gharama ni 11,520,000, faida 1,680,000. Tofauti ni 480,000.

Hizo 480,000 hazijapotea, zimo stoo. Polo 80 zilizobaki kwa mwenzenu zimeandikwa 8,160,000, kwenu 7,680,000. Zikiuzwa mwezi ujao kwa bei ileile, yeye atapata 640,000 na nyinyi 1,120,000. Ukijumlisha miezi miwili, kila mmoja ana 2,800,000. Bei ya kununulia ikishuka, mambo yanageuka: FIFO ndiyo itakayoonesha faida ndogo mwanzo.

Polo ipi mpakiaji anaitoa stoo haihusiani na haya. FIFO ya mfumo ni mpangilio wa gharama tu. VAT ya ZRA pia haiguswi, kwa kuwa inafuata bei ya kuuzia. Inayoguswa ni kodi ya mapato ya TRA, pale mwaka unapofungwa na mzigo bado umo stoo.

Kwa mchele wa aina moja unaochanganyika stoo, mimi ningebaki na Moving Average, kwani bei ikipanda ghafla faida yenu hairuki nayo. IAS 2, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa bidhaa zilizomo stoo, inakubali njia zote mbili, ila msihamehame kila mwaka ili faida ipendeze.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni tarehe za kupokea mzigo. Mzigo ukishuka bandarini Malindi mkaanza kuuza kabla karani hajauingiza, mfumo hauijui bado bei ya 102,000. Mauzo hayo yatabeba 90,000 na faida itavimba. Na kama mfumo umeruhusiwa kuuza chini ya sifuri, wastani wa baadaye nao unaweza kuharibika. Fungueni ripoti ya Stock Ledger, mchague bidhaa moja, mshuke na safu ya Balance Qty. Mkikuta namba yenye alama ya kutoa, anzeni kusahihisha hapo kabla ya kulinganisha faida na mtu yeyote.