Fahirisi ya bei uliyopewa inatoka kweli kwenye bei na uzito ulioandikwa pale? Jaribu kubadilisha kipimo cha mkaa

Mwaka juzi kazini kwetu tulikubaliana mishahara ipande kwa kufuata bei za vitu, na ofisi ikatengeneza fahirisi yake ndogo ya kapu la bidhaa. Karatasi ikaja kwenye kamati ya wafanyakazi, bei za mwanzo zipo, bei za sasa zipo, uzito wa kila kitu, yaani kina nafasi kubwa kiasi gani kwenye kapu, upo, na chini kabisa imeandikwa 103.2, yaani vitu vimepanda asilimia 3.2. Mimi niliiangalia ile karatasi nikaona unga umepanda sana, nauli imepanda sana, sasa hiyo 3.2 imetoka wapi?

Nawawekea hapa vitu vinne tu, na bei nimezirahisisha ili mfuate hesabu bila kuchoka. Unga kilo ulikuwa 1,500 ukawa 1,800, uzito 40. Mafuta ya kula lita yalikuwa 6,000 yakawa 6,300, uzito 15. Mkaa gunia ulikuwa 60,000 ukawa 61,200, uzito 20. Nauli ya daladala ilikuwa 600 ikawa 750, uzito 25. Uzito wote jumla 100.

Kitu cha kwanza ninachofanya siku hizi, kabla hata ya kugusa kompyuta, ni kugawa bei mpya kwa bei ya zamani kwa kila kitu, halafu nazidisha na 100. Unga unapata 120, mafuta 105, mkaa 102, nauli 125. Fahirisi ya kapu zima lazima ikae katikati ya ndogo kuliko zote na kubwa kuliko zote, yaani kati ya 102 na 125, ikitoka nje ya hapo usihangaike zaidi, kuna kosa. Lakini angalieni hapa, 103.2 ipo ndani, inapita huo mtihani vizuri kabisa na bado ni kosa. Kwa hiyo mtu asije akakwambia "mbona ipo katikati" ukaridhika.

Cha pili ndo chenyewe: uliza huo uzito ni uzito wa nini. Kuna uzito wa hela, yaani katika kila shilingi 100 ambazo familia inatumia, 40 zinaenda kwenye unga, 20 kwenye mkaa. Na kuna uzito wa kiasi, yaani familia inanunua kilo ngapi, lita ngapi, safari ngapi za daladala. Zote mbili ni halali na zote mbili zinaweza kukupa fahirisi ileile ya Laspeyres, yule mchumi Mjerumani aliyeiandika mwaka 1871, ila njia ya kuzitumia haifanani. Uzito wa kiasi unauzidisha na bei yenyewe. Uzito wa hela unauzidisha na ule uwiano wa bei, 120, 105 na wenzake, kwa sababu bei ya mwanzo imeshaingia humo ndani ya uzito tayari, ukiizidisha tena unaihesabu mara mbili. Uzito unaojumlika 100 na vitu vyenyewe vina vipimo tofauti, kilo, lita, gunia, safari, mara nyingi ni wa hela, maana nani anajumlisha kilo na safari?

Nikamfuata mhasibu wetu, kijana mwenyewe ana heshima zake, akaniambia "Dada, mbona kila bei nimeizidisha na uzito wake, njoo uone." Akanifungulia Eksel, bei za zamani zipo kolamu B, mpya C, uzito D, na fomula yenyewe ilikuwa hii:

```
=SUMPRODUCT(D2:D5,C2:C5)/SUMPRODUCT(D2:D5,B2:B5)*100
```

Hiyo ni fomula ya uzito wa kiasi, na yeye uzito wake ni wa hela. Sikutaka kubishana naye kwa maneno, nikamwambia, mdogo wangu, hebu badilisha mkaa, usiuandike kwa gunia, uandike kwa debe, tuseme gunia moja ni madebe sita, basi debe lilikuwa 10,000 likawa 10,200. Mkaa ni uleule, umepanda asilimia 2 ileile, hakuna kilichobadilika mtaani. Akaandika, akabonyeza, fahirisi ikaruka kutoka 103.2 mpaka 106.6. Akanyamaza kabisa. Kapu la bei halitakiwi kujua kama mkaa umepimwa kwa gunia au kwa debe, likijua ujue fomula na uzito haviendani.

Na ukitaka kuona uharibifu ulikaa wapi, zidisha uzito na bei ya mwanzo kwa kila kitu halafu jumlisha. Mkaa peke yake, 20 mara 60,000, unabeba karibu 88 katika kila 100 ya hesabu nzima, na unga uliopewa 40 unabeba 4 na ushee. Yaani ile 103.2 ilikuwa bei ya mkaa imevaa jina la kapu. Fomula sahihi kwa uzito wa hela ni hii:

```
=SUMPRODUCT(D2:D5,C2:C5/B2:B5)/SUM(D2:D5)*100
```

Kwa mkono: 48 ya unga, 15.75 ya mafuta, 20.4 ya mkaa, 31.25 ya nauli, jumla 115.4. Weka debe, weka kilo, haisogei. Kwa mtu wa mshahara wa laki tano, ile ya kwanza ilimwongezea 16,000 na hii inamwongezea 77,000.

Kuna mtu kwenye kikao alisema labda tofauti ni ya kukata desimali kwenye uzito. Hilo linapimika pia. Kama kila uzito umekatwa kwenye namba nzima, unaweza kuwa umepungua au kuzidi nusu, basi chukua nusu kwa mkaa na nusu kwa mafuta, wapelekee unga na nauli, uone inafika wapi: inapanda kwa 0.19 tu. Geuza upande wa pili, inashuka kiasi hichohicho. Kwa hiyo 115.2 au 115.6 ningekubali, 103.2 haiwezekani kabisa.

Mwaka uliofuata lilikuja jambo lingine, na hili linawapata hata wanaokagua jedwali za Ofisi ya Taifa ya Takwimu kwa uzito uliochapishwa. Tuseme nauli peke yake imepanda tena asilimia 20, kutoka 125 kwenda 150, vingine vimetulia. Ukizidisha uzito 25 na 20 unapata mchango wa asilimia 5, lakini karatasi inasema 5.4, na karatasi ndo iko sawa. Uzito wa 25 ni wa mwaka wa mwanzo, nauli ikishapanda kuliko wenzake inabeba 31.25 katika 115.4, ambayo ni kama 27. Fahirisi ya Tanzania mwanzo wake ni 2020=100, kwa hiyo ukitaka kukagua mfumuko wa mwezi huu usizidishe uzito na asilimia za makundi, zidisha uzito na fahirisi zenyewe, pata jumla ya kila mwezi peke yake, ndo ugawanye ya mwezi huu kwa ya ule wa kulinganisha.

Mhasibu aliirekebisha siku ileile na karatasi ikatoka upya. Kilichobaki ni kwamba kapu letu halina kodi ya nyumba, na hilo hakuna fomula inayolionyesha, hesabu itatoka safi na kodi haimo. Tumeiombea uzito wake, na kila mtu kwenye kamati ameambiwa alete risiti za kodi za miezi sita.