Maswali na majibu: Kupanga noti za wimbo wa kasi kwenye mchezo wa kugonga vitufe kwa kufuata muziki

Noti zangu zinaanza sawasawa na wimbo, lakini baada ya dakika moja zinachelewa. Nizivute zote mbele?

Hapana. Ukizivuta zote, mwanzo utaharibika. Kosa linalobaki vilevile tangu mwanzo hadi mwisho hurekebishwa kwa kusogeza noti zote. Kosa linalokua maana yake mwendo ulioandika si wa wimbo huo. Ukiandika mapigo 180 kwa dakika na wimbo una 180.5, baada ya dakika moja umeachwa nyuma nusu pigo, karibu milisekunde 166. Washa metronomu, usikilize sehemu ya mwisho ya wimbo, kisha urekebishe mwendo kidogo kidogo mpaka metronomu na wimbo vipige pamoja. Kama ngoma zilipigwa kwa mkono bila metronomu, utalazimika kuweka mwendo mpya kila zinapoanza kuachana.

Wimbo una mapigo 180 na ngoma hazipumui. Nikiweka noti kila sauti, hakuna anayemaliza. Nikipunguza, unakuwa mwepesi mno. Nifanyeje?

Acha kwanza kuhesabu noti za wimbo, hesabu za kila kidole. Kwa mwendo huo, pigo moja ni milisekunde 333, na robo yake 83. Mfululizo wa robo ni noti 12 kwa sekunde. Ukizigawa sawa kwenye njia nne, yaani safu nne za noti, kila safu na kidole chake, kila kidole kinagonga mara 3 tu kwa sekunde, na mchezaji mzoefu anaweza. Lakini noti mbili zikifuatana kwenye njia moja, kidole kina milisekunde 83 za kuinuka na kugonga tena. Hapo ndipo watu wanapokatika, hata kama mfululizo wenyewe ni mfupi.

Mimi ningefanya hivi. Katika vipimo vitatu vya kwanza, yaani mafungu ya mapigo ya wimbo, fuata ngoma kubwa na ngoma ya mkwaruzo peke yake, matoazi uyaache. Kipimo cha nne mpigaji anapomimina mapigo, mimina nawe robo zote. Mchezaji atausikia ugumu ukija. Ngoma ya mkwaruzo ipe noti mbili kwa pamoja, maana sauti yake ni nzito. Ndani ya mfululizo, ukiweka pamoja njia ya 1 na ya 3, noti inayofuata iende ya 2 au ya 4. Kurudia njia ileile kuwe nusu pigo au zaidi, na pale tu ambapo sauti yenyewe inajirudia.

Nikiongeza noti pasipo na sauti ili wimbo uwe mgumu, kuna ubaya?

Upo. Mchezaji hugonga kwa sikio, na hapo sikio halina cha kushika. Cheza kwa nusu ya kasi ukisikia mlio wa kila noti. Mlio usio na ala chini yake, futa noti yake.

Nitajuaje kwamba ugumu umezidi?

Wape watu watatu wanaoimudu kasi hiyo, uangalie wanakosea wapi. Makosa yakitawanyika na kuongezeka kuelekea mwisho, ni uchovu. Wape kipimo kimoja cha kupumzika pale wimbo unapotulia. Wote wakikatika noti ileile, panga upya noti mbili au tatu zinazoitangulia.