Manyoya ya ngozi ya ng'ombe yanang'oka licha ya chumvi

"Nina bucha Moshi. Ngozi natia chumvi jioni, lakini mnunuzi anazikataa kwa kuwa manyoya yanang'oka. Nakosea wapi?"

Ndugu, tatizo ni muda. Manyoya yaking'oka kwa kuvutwa kidogo, bakteria walishaozesha mashina yake kabla chumvi haijapenya, na ngozi ya ng'ombe aliyechinjwa alfajiri, ikikaa imekunjwa ikiwa bado na joto la mwili mpaka jioni, haiokolewi tena.

Itandaze ipoe, ondoa mabaki ya nyama na mafuta, kwa kuwa chumvi haipiti kwenye mafuta, kisha uitie chumvi upande wa nyama kabla ya saa nne kupita tangu kuchinja. Ngozi ya kilo 20 inataka chumvi kilo 7 hadi 8, ifike mpaka kingoni na miguuni, mahali ambapo wengi hubania. Zipange kwenye kichanja chenye mteremko ili maji yachuruzike, na usirudie chumvi iliyokwisha kutumika, maana imebeba bakteria.

Ukiamua kukausha tu, iwambe kwenye fremu kivulini. Jua kali hukausha juu huku ndani ikioza, na dosari hiyo hujitokeza kiwandani ngozi inapolowekwa.