Kisanduku kilichotoboka na sahani iliyotoa cheche

*Fundi, habari za kazi. Juzi nilipasha pilau iliyobaki harusini. Ilikuwa kwenye kile kisanduku cheupe cha tekewei, nikaifunika na ile nailoni laini ya jikoni, dakika nne. Nilipofungua nikakuta nailoni imegandia kwenye wali na kisanduku kimetoboka chini. Nikahamishia pilau kwenye sahani ya wageni yenye ukingo wa dhahabu, ikaanza tra-tra-tra, nikazima haraka. Sasa hata nikiweka kikombe cha maji peke yake, cheche zinatoka ukutani upande wa kulia. Je, maikrowevu imekufa? Na kwa kweli ni chombo gani kinaruhusiwa humo? Hata foili za chipsi kuku nimeanza kuziogopa.*

Kazi njema, dada yangu. Tuanze na zile cheche za ukutani, maana ukiendelea kuitumia hivyo utaiua kweli. Kwa sasa bado haijafa.

Maji kwenye kikombe cha kawaida hayatoi cheche. Ukiona cheche na ndani hamna kingine, kinachoungua ni sehemu ya mashine yenyewe, na mara nyingi ni kile kipande kama karatasi ngumu, cha rangi ya fedha iliyofifia, kilichobandikwa ukutani upande wa kulia. Wengi hudhani ni kifungashio cha dukani wakakibandua. Usikibandue. Ni maika, yaani ulanga, ule ule uliochimbwa milima ya Uluguru enzi za Wajerumani. Nyuma yake kuna tundu ambamo mawimbi yanaingilia yakitoka kwenye magnetroni, kile kifaa kinachoyatengeneza. Maika inayapitisha mawimbi, lakini inazuia mvuke na mafuta yasipenye kwenda huko nyuma.

Shida huanza mafuta ya chakula yakiirukia na kukauka juu yake. Cheche moja ikipiga pale, mafuta hugeuka mkaa, na mkaa unapitisha umeme. Kuanzia hapo kila ukiwasha, cheche hurudi pale pale na kukila kipande kidogo kidogo. Ya sahani yako ilikuwa mwanzo tu. Zinazotoka sasa zinatokana na lile doa jeusi.

Chomoa plagi, kisha mulika pale kwa tochi ya simu. Ukiona ni utandu wa mafuta tu, chovya kitambaa kwenye maji vuguvugu ya sabuni, kikamue sana, ufute taratibu, halafu uache pakauke kabisa. Ukiona tundu au doa jeusi lililokula mpaka ndani, usihangaike kusugua, kipande kibadilishwe. Hushikwa na skrubu moja au kibanio cha plastiki, na kinatolewa kwa ndani bila kufungua bodi. Nenda nacho kwenye duka la spea. Maika huuzwa kwa shiti, unalaza cha zamani juu yake, unachora, unakata kwa mkasi. Ukishakirudisha, jaribu na kikombe cha maji kwa dakika moja. Cheche zikiwepo bado, tazama rangi ya ukuta pale chini yake. Rangi ikibanduka na bati likaanza kutu, cheche hutokea hapo pia, na hapo mpelekee fundi.

Bodi ya nje usiifungue, hata kama jirani yako anajua umeme. Ndani kuna kapasita inayobeba volti zinazokaribia au kupita 2,000, na inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi. Nimeona watu waliozoea kufungua redio na feni wakaifungua maikrowevu kwa mazoea yale yale. Sio mashine ya mazoea.

Sasa sahani. Watu huambiwa chuma hakiruhusiwi, kisha wanatazama kuta za ndani, wanakuta ni bati tupu, wanashangaa. Ukweli ni kwamba mawimbi yakigonga chuma, umeme hutembea juu ya uso wa kile chuma. Ukuta ni mpana, ni laini, umeme unapata nafasi ya kutawanyika. Ukingo wa dhahabu wa sahani ni rangi nyembamba sana ya madini, unene wake hata ukucha hauusikii, na umeme wote unalazimika kupita kwenye kile kiuzi. Tena sahani ikishaoshwa mara nyingi, ukingo huwa umekatika hapa na pale bila wewe kuona. Umeme ukifika kwenye mkato, unaruka. Ndiyo ile tra-tra-tra. Ipeleke dirishani uitazame: utaona vidoa vyeusi vimejipanga kama ushanga kwenye ule ukingo. Kila kidoa ni mruko mmoja.

Dhahabu iliyoungua hairudi. Sahani bado unaweza kulia chakula kama haina ufa. Pitisha ukucha ukingoni kote, na ukihisi mstari, iweke pembeni, kwa sababu sehemu ndogo iliyopata moto wa ghafla huweza kupasua udongo wa sahani. Maikrowevu haijui kama ukingo ni wa dhahabu, fedha au ua la rangi ya kumetameta katikati ya sahani. Kimetacho kama madini, kisiingie. Kadhalika uma, kwa sababu ncha zake zinakaribiana, na pini ya stapla kwenye uzi wa mfuko wa chai, ambayo watu wengi huisahau.

Kuhusu kisanduku, mawimbi yenyewe wala hayakukigusa. Yanapita kwenye povu la plastiki kama mwanga kwenye kioo. Kilichokitoboa ni pilau. Maji yakichemka hugeuka mvuke, kwa hiyo chakula chenye maji mengi hakipandi sana zaidi ya nyuzi 100. Mafuta hayana breki hiyo. Na lile povu jeupe ni polistirini, plastiki inayoanza kulegea karibu na hizo hizo nyuzi 100. Pilau ya harusi unaijua: wali umekauka kwa kulala kwenye friji, samli imeshuka chini, na vipande vya nyama vina mafuta. Ndiyo maana kilitoboka chini na si pembeni. Naamini ukikumbuka vizuri, tundu lilikuwa chini ya kipande cha nyama, si chini ya wali. Mawimbi pia hayapashi sawasawa kila mahali, ndiyo sababu sahani ya kioo inazunguka. Mahali moto ulipokutana na mafuta, povu likayeyuka. Pilau iliyogusana na plastiki iliyoyeyuka ilistahili kutupwa, na kama ulikula kidogo usikose usingizi, ila usirudie.

Geuza chombo chochote cha tekewei utazame chini. Kuna pembetatu ya mishale yenye namba. Namba 6 ni polistirini, iwe povu au ile ngumu inayopasuka kwa mlio. Namba 1 ni plastiki ya chupa za maji, nayo hulegea mapema zaidi. Namba 5, mara nyingi na herufi PP chini yake, ni polipropilini, ambayo haiyeyuki mpaka nyuzi 160 hivi. Vile vyombo vyeusi vyenye mfuniko angavu mara nyingi ni namba 5. Lakini soma na mfuniko, kwa sababu unaweza kuwa wa plastiki nyingine kabisa na ukajikunja wakati chombo kimesimama imara. Na namba 5 haimaanishi ruhusa moja kwa moja. Ruhusa ni alama ya mistari ya mawimbi, au maandishi yanayosema hivyo. Ile alama ya glasi na uma inasema tu kwamba chombo kinafaa kuwekewa chakula.

Hata namba 5 ina mwisho wake. Tazama bakuli la plastiki lililozoea kupasha mchuzi wa nyanya: kuna mstari wa machungwa pale mchuzi ulipofikia, na ukipitisha kidole unahisi umekwaruza, vishimo vishimo. Hapo mafuta yalielea juu yakapata moto kuliko maji ya chini yake, yakaunguza plastiki. Bakuli likifika hapo lishushe cheo, liwe la kuwekea vitunguu.

Nailoni ya jikoni, kosa lako halikuwa kufunika nayo. Kosa ni kwamba iligusa chakula. Baadhi ya nailoni hizi ni za PVC, na hutiwa vilainishi ili zinate vizuri. Vilainishi hivyo hupenda mafuta, na joto huvisaidia kuhama kwenda kwenye chakula. Ikiwa imeandikwa kuwa inafaa maikrowevu, iache juu ya chakula kwa nafasi ya sentimita 2 na nusu au zaidi, na uinue kona moja mvuke upate njia. Usipoacha kona, nailoni hutuna kama puto, halafu mashine ikizima mvuke hupoa na nailoni hunyonywa chini mpaka igandie, kama ilivyokugandia. Ukifunua, anza na kona iliyo mbali nawe, mvuke usikupige mkononi. Ule ujumbe wa WhatsApp kwamba nailoni kwenye maikrowevu hutoa sumu iitwayo dioksini hauna msingi. Dioksini hutokana na kuchoma vitu kwa moto mkali, na kupasha wali hakufiki huko.

Foili ya chipsi kuku inakusumbua kwa namna tofauti. Foili ya kile kisahani huzuia mawimbi chini na pembeni, hivyo chakula kinapata moto juu tu, unakula kuku wa moto mwenye moyo wa baridi. Vijitabu vya baadhi ya mashine huruhusu visahani vifupi vya foili visivyogusa ukuta. Kama chako hakisemi hivyo, hamisha. Kibaya zaidi ni mfuniko wake, ile karatasi ngumu inayong'aa kwa ndani. Utando wake mwembamba wa madini hupata moto upesi na kuunguza karatasi yenyewe.

Kwa bakuli la udongo au kikombe usichokijua, lisilo na kitu cha kumetameta, kuna jaribio. Liweke tupu, pembeni yake weka kikombe cha maji, washa dakika moja kwa nguvu yote. Maji yakiwa ya moto na bakuli limebaki baridi, linafaa. Bakuli likiwa la moto, linameza mawimbi lenyewe, usilitumie. Usikose kuweka kikombe cha maji, kwa sababu mashine ikiwashwa tupu mawimbi hurudi kuipiga magnetroni. Na usilipime bakuli la plastiki kwa njia hii ukadhani umepata jibu: litabaki baridi kwa sababu halijawekewa mafuta.

Pilau nyingine ukiwa nayo, itie kwenye bakuli la kioo la oveni, si glasi ya juisi. Nyunyiza vijiko viwili vya maji, funika na sahani nyeupe isiyo na urembo. Dakika mbili, koroga kutoka chini kwenda juu, kisha dakika moja tena. Lakini kwanza, ile maika.