Soma ofa na mkataba wako wa sasa kwa pamoja kabla hujaandika barua ya kuacha kazi

Kaka, nimepata ofa Ruangwa wanataka niripoti tarehe 1 na leo ni tarehe 12. Mkataba wangu wa hapa notisi ni siku 28. Nikiandika barua leo si nitawahi tu? (Fundi umeme, Mtwara Mjini)

Huwahi mdogo wangu. Mwezi huu una siku 30, barua ikipokelewa leo unaanza kuhesabu kesho, siku 18 zinaishia mwezi huu na 10 zinaingia mwezi ujao, kwa hiyo siku yako ya mwisho ni tarehe 10 na Ruangwa unaripoti tarehe 11. Hizo ni siku za kalenda, Jumapili zimo na sikukuu zimo. Waandikie Ruangwa leo hii uwaombe wasogeze tarehe, mwajiri anayekutaka kweli hashindwi kusubiri siku kumi. Wakikataa, muombe mwajiri wako wa sasa akuachie mapema, na akikubali akuandikie, usiondoke kwa neno la mdomo la msimamizi wa zamu. Ukiondoka tu bila makubaliano, sheria ya ajira inamruhusu akukate kwenye stahiki zako za mwisho kile ambacho ungelipwa kwa siku ulizokataa kufanya kazi.

Ila hujaniuliza kitu cha maana zaidi. Ile picha uliyonitumia ni ukurasa wa mshahara peke yake, na hili nimelisema hapa mpaka sauti imekauka, msinitumie ukurasa wa mshahara tu! Nilivyokuomba ukurasa wa pili nikaona mstari unaosema ofa hii inategemea majibu ya vipimo vya afya na uthibitisho wa waajiri waliopita. Wewe hujapima bado. Yaani mpaka sasa hiyo kazi huna, una ahadi yenye masharti. Kapime kwanza, wakuandikie kwamba masharti yote yametimia, halafu ndo ukae uandike barua yako, na zile siku 28 uzihesabu upya kuanzia hapo.

Mkataba wangu unasema mimi nikiacha nitoe notisi siku 90, wao wakiniacha ni siku 28. Hii imekaaje? (Dada wa Masasi)

Imekaa vibaya dada. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka siku 28 kama kiwango cha chini kwa anayelipwa kwa mwezi, mnaweza kukubaliana zaidi ya hapo lakini ziwe sawa kwa pande zote mbili. Usichukulie kwamba kwa sababu kifungu kina kasoro basi unaweza kuondoka kesho, zile 28 bado unazo.

Nina likizo siku 28 sijaenda. Naweza kuiandika hiyo likizo kuwa ndo notisi yangu? (Lindi)

Hapana. Notisi haitolewi ukiwa likizo na haiendi sambamba na likizo ya kisheria, siku za likizo ambazo hukuchukua unalipwa kwenye stahiki za mwisho. Mimi mwenyewe niliumia hapa. Nilikuwa ghala moja la korosho, msimu umeisha, nikaenda likizo nyumbani na nikiwa huko huko nikatuma barua ya kuacha kazi nikiona nimecheza vizuri, nikarudi kuchukua changu nikakuta barua yangu imerudishwa na wameandika kwa kalamu nyekundu kwamba haitambuliki, na mwezi mzima umekatwa maana waliniona nimeondoka bila notisi. Nilikuwa nimeshaanza kazi kwingine, sikuwa na nafasi ya kurudi kuutumikia. Ile hela ilikuwa ya ada ya mtoto.

Walinipeleka Dar mafunzo ya wiki sita, nikasaini bondi ya miaka miwili, kwamba nikiondoka kabla nawalipa milioni 6. Nimekaa miezi 14 na nimepata kazi pengine. Watanidai yote sita? (Fundi mitambo, Mikindani)

Hili nakaa nalo kidogo, maana nusu ya maswali ya mwezi huu ni hili hili.

Kwanza nilitaka kuiona hiyo bondi, na nashukuru uliituma yote. Ni karatasi ya tatu kwenye zile ulizosaini siku moja, ya kwanza ni ya kupokea buti na kofia ngumu, ya pili kitambulisho cha getini, ya tatu hiyo. Ulisaini zote tatu kwa kalamu moja umesimama kaunta. Sikulaumu, ila kila anayesoma hapa ajue bondi inapenda kukaa sehemu kama hizo.

Soma mstari unaotaja hiyo milioni 6 ni ya nini. Yako imeandikwa "gharama za mafunzo" basi, haina mchanganuo. Waombe kwa maandishi wakupe risiti za ada, nauli na malazi. Mshahara waliokulipa zile wiki sita usikubali uhesabiwe kirahisi humo ndani, ulikuwa mwajiriwa wao na walikupeleka wao. Tuseme risiti zinafika milioni 3 na laki 6, hapo una hoja nzito, kwa sababu Sheria ya Mikataba inasema kiasi kilichotajwa kama fidia ya kuvunja mkataba ndo kikomo cha juu, anayedai anapewa fidia ya haki isiyozidi hapo, hapewi tu namba kwa kuwa imeandikwa.

Halafu angalia kama deni linapungua kadiri unavyokaa. Bondi nzuri inasema wazi kwamba kila mwezi unaotumikia unafuta sehemu yake. Yako imenyamaza, inasema tu ukiondoka kabla ya miezi 24 utalipa. Hapo ndo pa kubishana nao kwa adabu na kwa hesabu. Milioni 6 kwa miezi 24 ni laki mbili na nusu kwa mwezi, umebakiza miezi 10, inakuja milioni 2 na nusu. Ukitumia ile ya risiti, 3,600,000 kwa miezi 24 ni 150,000, mara kumi ni milioni moja na nusu. Pendekeza hiyo ya chini, ukijua kwamba mkikutana katikati bado uko mbali sana na milioni 6. Sikuambii hiyo ndo hukumu utakayopata, nakuambia ndo barua ya kuanzia.

Angalia pia hiyo miezi 14 umeihesabu kuanzia lini. Wewe umehesabu tangu usaini, bondi inasema "kuanzia tarehe ya kumaliza mafunzo". Zile wiki sita hazimo, kwa hiyo una miezi kumi na mbili na nusu hivi, na zile hesabu zote mbili nilizokupigia zinapanda kidogo. Bora uligundue wewe kabla hawajalisema wao mezani.

Cha mwisho kwenye bondi yako, na ndo kimenitisha, ni sentensi ya chini kabisa kwamba unaridhia wakate deni lolote kwenye stahiki zako. Sheria haimruhusu mwajiri kukata mshahara anavyotaka, lazima kuwe na sheria au amri inayomruhusu, au wewe uwe umekubali deni hilo kwa maandishi. Na wewe umekubali. Kwa hiyo usipange mshahara wa mwezi wa mwisho kwenye kodi ya nyumba mpaka mmemalizana kwa maandishi kuhusu kiasi. Wakikata yote bila kukusikiliza, nenda ofisi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya mkoa ujaze fomu, na usichelewe, madai ya namna hii yana siku 60, na yale ya kuachishwa kazi yana 30 tu.

Mwajiri mpya akisema atakulipia bondi, furahi lakini soma, maana mara nyingi hiyo hela inarudi kwako ikiwa bondi mpya ya miaka miwili mingine, na safari hii inakubana hata wakikupunguza wao. Hapo dai iandikwe kwamba utalipa ukiacha mwenyewe tu, wao wakikupunguza kazi hakuna deni.

Ofa inasema nikiacha kazi kwao nisifanye kazi kwa mshindani yeyote miezi 12 ndani ya mikoa ya Kusini. Nisaini? (Nachingwea)

Usisaini ikiwa hivyo. Sheria ya Mikataba msimamo wake wa msingi ni kwamba makubaliano ya kumzuia mtu kufanya kazi au biashara halali ni batili kwa kadiri yanavyomzuia, isipokuwa kama aliuza biashara pamoja na jina lake. Wanasheria wa waajiri watakuambia kizuizi chenye muda na eneo la busara kinasimama, na ubishi huo wa kisheria sitaki uupigane wewe ukiwa huna mshahara. Shida yenyewe inakuja kabla ya mahakama, barua moja ya wakili inafika kwa mwajiri wako mpya, anaogopa, anafuta ofa, na wewe umekaa nyumbani na sheria iko upande wako.

Wewe ni mpimaji wa sampuli za udongo, ukizuiwa Kusini yote kwa mwaka unatakiwa uhame na familia ili ufanye kazi yako. Waombe wakifute. Wakigoma, waombe waandike majina ya hao washindani badala ya "yeyote", miezi iwe mitatu, na wakulipe kwa miezi hiyo ambayo wanakuzuia. Kifungu cha kutunza siri zao, takwimu za miamba na orodha ya wateja, hicho saini na ukitimize, ni haki yao.

Nimeshaacha kazi juzi, leo wamenipigia ofa imefutwa. Nifanyeje?

Nenda leo, siyo kesho, uombe kwa barua kuondoa notisi yako. Ukishaitoa huirudishi bila mwajiri kukubali.

Nina miaka mitano hapa. Ofa mpya ina majaribio miezi 6, wakati huo notisi ni siku 7. Mshahara unapanda laki tatu. (Kilwa Masoko)

Siku 7 ni za mwezi wa kwanza wa kazi tu mama, baada ya hapo anayelipwa kwa mwezi ni 28, awe kwenye majaribio au la, waambie warekebishe. Linaloniumiza ni hiyo miezi sita yenyewe, kwa sababu mwajiriwa ambaye hajafikisha miezi 6 kwa mwajiri huyo hana kinga ya kuachishwa isivyo halali, wakati leo hapo ulipo unayo. Na ukiacha mwenyewe kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka hukipati, kile ni cha anayeachishwa. Omba majaribio yashuke hadi miezi mitatu, hata kama kinga haiji mapema utakuwa umethibitishwa kazini.

Na kwenye ofa pale penye mahali ulipoajiriwa waandike Kilwa, siyo kambini utakakofanyia kazi. Kazi ikiisha ndo wanakotakiwa kukurudisha, wewe na mizigo yako.